Nyumba ya milioni 120 iliyoandikwa milioni 108

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na mke wangu tumekubaliana na muuzaji kununua nyumba kwa milioni 120. Benki iliahidi asilimia 80, ikatuma mthamini wake, naye hakukaa pale hata saa nzima. Ripoti imetoka na milioni 108, na benki inasema itakopesha kwa hiyo. Jirani wa pale anauza yake milioni 130 na haina hata chumba cha nyuma kama hii. Ripoti imejaa maneno: thamani ya soko, mauzo ya kulinganisha, dhana. Nimekuambatishia kurasa zake, majina nimeyafuta. Je, tumeonewa? Na nikitaka kupinga, nianzie wapi?"

Nzuri, ndugu yangu. Nimezisoma kurasa zako mara mbili na sikuona kuonewa. Nimeona kosa moja dogo, ambalo hata likirekebishwa halitakuongezea kitu. Nimeona pia sentensi moja kwenye ukurasa wa dhana ambayo peke yake imekula karibu milioni tisa. Nadhani uliipita, kwa sababu kurasa za dhana hufanana na masharti ya nyuma ya tiketi, yale ambayo kila mtu huyaruka. Nitaifikia, lakini haitaeleweka mpaka uone kwanza hiyo 108 ilivyopatikana.

Tuanze na pengo lenyewe, maana naona unahesabu milioni 12. Benki hukopesha asilimia yake kwa kiasi kilicho kidogo kati ya bei mliyokubaliana na thamani iliyopimwa. Asilimia 80 ya 120 ni milioni 96, kwa hiyo wewe ulikuwa umejiandaa kutoa 24. Asilimia 80 ya 108 ni milioni 86.4. Bei kwa muuzaji haijabadilika, kwa hiyo mfukoni mwako sasa zinatakiwa 33.6. Unachotafuta ni milioni 9.6. Shika namba hiyo, tutairudia.

Ukurasa wa pili unasema msingi wa thamani ni "thamani ya soko", kwa tarehe ya ukaguzi. Usiupite mstari huo. Kitu kimoja kinaweza kuwa na thamani kadhaa za kweli kwa siku moja, kutegemea swali lililoulizwa, na msingi wa thamani ndiyo swali lenyewe. Katika Viwango vya Kimataifa vya Uthamini, thamani ya soko ni kiasi kinachokadiriwa kwamba mali ingebadilishana mikono kwa tarehe ile, kati ya mnunuzi aliye tayari na muuzaji aliye tayari, wasio na uhusiano wa kupendeleana, baada ya mali kutangazwa ipasavyo, kila mmoja akiwa na taarifa, akitumia busara na bila kushurutishwa.

Angalia nani hayumo humo. Ni wewe. Mnunuzi wa kwenye maelezo hayo hana jina wala sababu zake binafsi. Huenda ninyi mmeipenda nyumba hii kwa sababu iko karibu na kazi ya mke wako, na kwa hilo mko radhi kuongeza milioni tano. Hiyo ni haki yenu na si ujinga, lakini benki inawaza siku ambayo umeshindwa kulipa na nyumba inauzwa kwa mtu mwingine, ambaye kazi ya mke wako haimhusu. Bei mliyokubaliana mthamini aliiona, ameitaja ukurasa wa tatu, na ni ushahidi kama ushahidi mwingine wa sokoni. Ila ni ushahidi wa mauzo mamoja ambayo hayajakamilika, na fedha zenyewe za kuyakamilisha ndizo zinazosubiri ripoti hii. Mthamini akiichukua bei hiyo na kuigeuza kuwa thamani, benki itakuwa imelipia mwangwi.

Chini yake kuna mstari mwingine nadhani ulikushtua: "thamani ya mauzo ya haraka: milioni 81". Huo usikunyime usingizi. Wakopeshaji wengi huuomba. Viwango vya kimataifa havichukulii mauzo ya shuruti kuwa msingi wa thamani unaosimama peke yake. Vinayaona kuwa maelezo ya mazingira ambayo muuzaji anauzia, na kwa sababu hiyo namba yake haina maana mpaka useme muuzaji ana muda gani na kwa nini anabanwa. Yako haikusema. 81 ni asilimia 75 kamili ya 108, ishara kwamba mtu alizidisha tu kwa kikokotoo. Mimi ningeandika muda, lakini mkopo wako haukutokana na mstari huo, kwa hiyo tuuache.

Sasa kazi yenyewe, ukurasa wa tano. Mthamini amechukua nyumba tatu zilizouzwa jirani na yako na kuzisogeza moja baada ya nyingine mpaka zifanane nayo. Wengi hupotea kwenye alama za kujumlisha na kutoa, kwa hiyo nitasema kanuni yake mara moja: inayorekebishwa ni nyumba iliyouzwa. Yako haiguswi. Kama iliyouzwa ni bora kuliko yako, unapunguza bei yake. Kama ni duni, unaiongezea. Kila mara unauliza: hii ingeuzwa ngapi kama ingekuwa kama ya kwetu?

Yako imeandikwa mita za mraba 150, kwenye kiwanja cha mita 600. Usishtuke na hiyo 150, tutaijadili.

Nyumba ya kwanza ina mita 150 vilevile na kiwanja cha 600, iliuzwa miezi minne kabla kwa milioni 112. Tofauti ni kwamba jiko na mabafu yake yalikuwa yamefanywa upya, yako yana miaka yake. Ametoa milioni 5, imebaki 107.

Ya pili ni ndogo kidogo, mita 142, lakini kiwanja chake ni 700. Iliuzwa miezi tisa kabla kwa 106. Ameongeza 1.5 kwa sababu soko limepanda tangu hapo, ameongeza 3.2 kwa mita nane zilizopungua, ametoa 2 kwa kiwanja kilichozidi. Imefika 108.7.

Ya tatu ni kubwa, mita 165, kiwanja sawa na chako, iliuzwa miezi miwili tu kabla kwa 109, ila iko ukingoni mwa barabara kuu yenye kelele za malori. Ametoa 6 kwa mita 15 zilizozidi, akaongeza 6 kwa barabara. Imerudi palepale, 109.

Kutoka kwenye 107, 108.7 na 109, amefunga kwa 108. Ameandika kwamba ameegemea mbili za kwanza. Hapo ndipo ninapojua kama mtu anafanya kazi au anajaza fomu. Nyumba ya tatu imerudi palepale kwa bahati: ukijumlisha marekebisho yake bila kujali alama, imesogezwa milioni 12, yaani asilimia 11 ya bei yake. Ya kwanza imesogezwa 5 tu, chini ya asilimia 5. Kadiri unavyoisogeza nyumba mbali, ndivyo makisio yako yanavyozidi ushahidi. Tena lile rekebisho la barabara ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu huwezi kuipima kelele kwa tepu. Unatafuta nyumba mbili zinazofanana, moja barabarani na nyingine ndani, na jozi kama hiyo hupatikana kwa nadra. Isitoshe, kwenye safu ya uthibitisho, bei za nyumba mbili za kwanza zimetoka kwenye kumbukumbu za uhamisho wa umiliki, ya tatu imetoka kwa dalali kwa mdomo. Kuipa uzito mdogo ni sawa kabisa.

Kosa nililokutajia liko hapa. Nyumba ya pili imeongezewa 1.5 kwa miezi tisa ya kupanda kwa soko. Kama soko lilipanda kwa mwendo huo, basi nyumba ya kwanza ya miezi minne ilistahili kama laki saba na ya tatu kama laki tatu. Yeye hakuziongeza. Ama soko lilipanda na kisha likatulia, na hapo alipaswa kusema, ama amesahau. Ukiziongeza, namba zinakuwa 107.7, 108.7 na 109.3. Bado unafunga kwa 108, au ukijikaza 108.5. Ndiyo maana nilisema halitakusaidia. Wengi wanaopinga ripoti hulishika kosa la namna hii, wakalipigia kelele wiki nzima, na benki ikawajibu kwa mstari mmoja kwamba matokeo hayabadiliki.

Huenda umejiuliza kwa nini mita moja ya mraba imehesabiwa laki nne, wakati ukigawanya 112 kwa 150 unapata karibu laki saba na nusu. Hilo ni swali zuri, na nashuku ndilo chanzo cha bei yenu. Katika ile laki saba na nusu mna ardhi, uzio, kisima, jiko, mabafu, hati. Vitu hivyo haviongezeki ukiongeza chumba. Mita za ziada kwenye nyumba ambayo tayari ina jiko na mabafu ni kuta, sakafu na paa tu, na wanunuzi huzilipia hivyo. Sasa fanya kama dalali: chukua mita zote unazoziona kwa macho, pamoja na chumba cha nyuma, 172, zidisha kwa ile bei ya wastani. Unapata kama milioni 128. Kisha mwambie mnunuzi umempunguzia mpaka 120, naye atoke pale akiamini amebahatika. Sikuwepo mlipopatana, lakini namba hizo zinaingiliana mno.

Kuhusu jirani wa 130: anauza, hajauza. Bei anayotaja ni matumaini yake, na kitu pekee inachothibitisha ni kwamba mpaka leo hakuna aliyekubali kuilipa. Muulize imekaa sokoni muda gani. Kama ni miezi sita, huo ni ushahidi, ila uko upande wa mthamini. Vivyo hivyo na mauzo kati ya ndugu, mauzo ya mnada, au nyumba iliyouzwa na samani zake zote ndani: bei zake ni za kweli, lakini hazijibu lile swali la ukurasa wa pili.

Sasa mita 150. Mthamini amepima nyumba kwa nje, mita 10 kwa 15. Chumba cha nyuma, mita 22, amekichora kwenye ramani yake kwa mistari ya nukta nukta, kisha ukurasa wa saba akaandika hivi, ninanukuu kutoka kwako: "Hatukuoneshwa kibali cha ujenzi wa nyongeza ya nyuma. Tathmini hii imefanywa kwa dhana kwamba nyongeza hiyo haiongezi thamani na kwamba kuwepo kwake hakuleti gharama wala adhabu." Ndiyo sentensi yenyewe. Mita 22 kwa laki nne ni milioni 8.8. Jumlisha na 108, unapata 116.8.

Isome tena, maana ina pande mbili na zote mbili zina uzito. Upande wa kwanza anasema hakukihesabu chumba kile. Upande wa pili anasema hakukitoza pia: kama mamlaka ya ujenzi ikiamuru kibomolewe, gharama ya kubomoa, kuziba ukuta na kurudisha paa haimo ndani ya 108. Kwa hiyo dhana hii imekuumiza kwa 8.8, lakini pia imekusitiri kwa kiasi ambacho hakijulikani. Mthamini mwoga zaidi angeitoa gharama hiyo pia.

Ungeweza kusema, mbona asingedhani tu kwamba kibali kipo? Hapa kuna mpaka ambao wathamini hufundishwa mapema. Dhana ya kawaida ni jambo ambalo mthamini hakulithibitisha lakini linaweza kuwa kweli na halipingani na alichokiona: kwamba hati ni safi, kwamba nyaya ndani ya ukuta ziko salama, kwamba msingi chini ya sakafu haujapasuka. Dhana maalumu ni jambo linalotofautiana na hali ilivyo siku ile: thamini nyumba kana kwamba ukarabati umekwisha, au kana kwamba mpangaji ameshatoka. Dhana maalumu hukubaliwa na mkopeshaji kabla, na huandikwa waziwazi pembeni ya namba yenyewe, ili asije mtu akaisoma namba bila sharti lake. Mthamini aliyeuliza kibali akaambiwa "tutakitafuta", kisha akadhani kipo, anacheza kwenye mpaka huo. Wako ameamua kutocheza. Ningefanya alivyofanya, ila ningeweka sentensi hiyo ukurasa wa kwanza chini ya namba badala ya kuificha ukurasa wa saba. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa juu ya ripoti hii.

Nimejifunza kwa kuchomwa. Miaka ya mwanzo ya kazi niliwahi kuthamini nyumba yenye ghorofa ya juu iliyoongezwa. Mwenye nyumba alinionesha karatasi yenye muhuri, nikaona neno "kibali", nikaridhika. Kilikuwa kibali cha uzio. Mkopeshaji aligundua kabla fedha hazijatoka, namshukuru Mungu, na niliandika barua ya kurekebisha thamani huku masikio yakiwaka. Tangu siku hiyo nasoma kibali mpaka kwenye mchoro, nikilinganisha vipimo vyake na tepu yangu.

Umelalamika pia kwamba hakukaa saa nzima. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, dakika arobaini za mtu anayejua anachotafuta zinatosha: anapima nje, anapitia vyumba, anaangalia dari kama ina madoa ya maji, anatafuta nyufa za mshazari kwenye pembe za milango na madirisha, anasimama nje kusikiliza barabara. Saa nyingi za kazi huliwa ofisini, kutafuta mauzo na kuyathibitisha. Lakini elewa pia alichokuwa hafanyi. Huo haukuwa ukaguzi wa uimara wa jengo. Ukurasa wa sita unasema hakufunua sakafu wala kupanda darini. Ukiwa unategemea ripoti hii ikuambie kama paa litavuja, umeazima miwani ya mtu mwingine. Tafuta mkaguzi wako wa majengo, umlipe wewe.

Tena ripoti si yako, hata kama gharama yake imekatwa kwako. Aliyetoa maelekezo ni benki, na mthamini anawajibika kwake. Kuna nchi ambazo mahakama zimeukunjua mpaka huo: Uingereza, mwaka 1989, majaji wa juu waliamua kwamba mthamini aliyetumwa na mkopeshaji anaweza kuwajibika pia kwa mnunuzi wa nyumba ya kawaida ya kuishi, kwa sababu anajua kabisa mnunuzi huyo ataitegemea. Usijenge juu ya hilo kabla ya kujua sheria ya kwenu inasemaje. Lina maana moja tu ya vitendo kwa sasa: usimpigie mthamini. Hawezi kujadiliana nawe juu ya namba, na akijadiliana, ripoti yake haifai tena kwa benki. Unaandika kwa ofisa wa mikopo, yeye ndiye anayempelekea.

Kabla hujaandika, jibu swali moja: kibali cha chumba cha nyuma kipo? Muulize muuzaji kwa maandishi, umpe siku saba. Mwambie alete kibali chenyewe na mchoro ulioidhinishwa, na wewe nenda na tepu uhakikishe kile chumba kwenye mchoro ndicho kile kilichojengwa, mita kwa mita. Kikiwa kipo, barua yako benki ni fupi sana. Haina hasira, haimtaji jirani, haisemi mthamini alikaa muda mchache. Inasema dhana ya ukurasa wa saba sasa imepata uthibitisho, kibali na mchoro vimeambatishwa, naomba mthamini apitie upya eneo la nyumba na thamani. Umempa taarifa ambayo hakuwa nayo, na kubadilisha namba kwa sababu hiyo hakumwaibishi. Barua inayodai maoni yake ni mabaya inamlazimisha ajitetee.

Akikubali chote, utapata kama 116.8, tuseme 117 akizungusha juu. Haitafika 120, na nakusihi usiendelee kupigania hizo tatu. Hakuna mthamini anayeweza kutenganisha 117 na 120 kwa uhakika. Jaji mmoja wa Uingereza mwaka 2010 alisema tofauti ya asilimia 5 juu au chini ni ya kawaida kwa nyumba za kuishi zinazofanana na nyingine, na zaidi ya hapo kwa mali za kipekee. Kutoka 117 hadi 120 ni chini ya asilimia 3. Lakini kutoka 108 hadi 120 ni asilimia 11, na pengo la ukubwa huo karibu kila mara huwa na sababu inayotajika. Yako ni chumba. Kwa 117, benki itatoa 93.6 na wewe utahitaji 26.4, yaani milioni 2.4 juu ya zile 24 ulizonazo. Hizo zinapatikana mezani kwa muuzaji bila kugombana na mtu.

Kuna jambo moja ambalo ningeliacha lilale, ingawa najua utalifikiria. Ripoti haisemi zile nyumba tatu zilipimwa ndani au nje ya kuta. Yako imepimwa nje. Nyumba ya mita 10 kwa 15 yenye kuta za sentimita 20, ukiipima kwa ndani ni mita 9.6 kwa 14.6, karibu 140, hata bila kutoa kuta za katikati. Mita kumi zimeyeyuka na nyumba ni ileile. Kama ile nyumba ya pili ya mita 142 ilipimwa kwa ndani, basi kwa nje ina kama 152, si ndogo kuliko yako bali kubwa kidogo, na ile nyongeza ya 3.2 inageuka kuwa punguzo la laki nane. Inashuka kutoka 108.7 hadi 104.7. Ukimwomba mthamini afafanue vipimo vyote, huenda ukarudishiwa ripoti ya 107. Ni swali halali, na mimi kama mkaguzi wa benki ningeliuliza. Wewe huna haja ya kulifungua.

Na kama muuzaji atasema kibali hakipo, au atajizungusha mpaka siku saba ziishe? Basi 108 ni sahihi, na pengine iko juu. Wakati huo tatizo si la benki tena. Ulikubali 120 kwa nyumba ya mita 172, nawe unauziwa nyumba ya mita 150 na chumba ambacho kinaweza kuamriwa kibomolewe ukiwa umeshahamia. Una njia mbili ambazo ningezikubali. Ya kwanza, bei ishuke ikaribie 108. Ya pili, muuzaji akaombe urasimishaji wa chumba kabla ya kukamilisha mauzo, kwa gharama yake, na mkataba useme wazi kwamba kikikataliwa bei inashuka kwa 8.8 pamoja na gharama ya kubomoa iliyokadiriwa na fundi mtakayemkubali wote. Njia ambayo nisingeikubali ni ile ambayo madalali huipendekeza kila mara, ya kutafuta benki nyingine yenye mthamini "asiye na maswali mengi". Atapatikana, na 120 itaandikwa. Chumba kitabaki bila kibali, deni litakuwa kubwa zaidi, na atakayekuja kuiuza nyumba hiyo siku moja ni wewe.

Nitumie kibali ukikipata, nikitazame mchoro wake kabla hujaandika benki. Hakikisha jina la kiwanja kwenye kibali ni lilelile lililo kwenye hati.